Kishazi Kisicho na Kiunganishi: Safari ya Paulo Kutoka Kigiriki Hadi Kiswahili

Sura ya 27 ya kitabu cha Matendo ya Mitume ni hadithi ya bahari kutoka mwanzo hadi mwisho. Meli iliyobeba watu 276, akiwamo mfungwa aitwaye Paulo, imetia nanga upande wa kusini wa kisiwa cha Krete, mahali paitwapo Bandari Nzuri. Majira ya baridi yanakaribia. Paulo ameonya kwamba safari italeta hasara, lakini nahodha na mwenye chombo wanataka kufika Foinike, bandari nyingine ya kisiwa hichohicho, wapumzike huko hadi bahari itulie. Kisha upepo unabadilika. Unavuma upepo mwanana kutoka kusini, mabaharia wanaona mambo yamewanyookea, wanang'oa nanga. Hawajui kwamba baada ya muda mfupi watakuwa katikati ya dhoruba itakayowasukuma hadi Malta.

Mwandishi wa kitabu, ambaye mapokeo ya kanisa humwita Luka, ameusimulia upepo huo kwa maneno matatu tu: *hypopneusantos de notou*. Neno la kati ni kiungo chepesi cha kusogeza hadithi mbele. Yaliyobaki ni kitenzi cha kuvuma taratibu na jina la upepo wa kusini. Hakuna "wakati", hakuna "kwa sababu", hakuna "baada ya". Mtafsiri wa Kiswahili hawezi kuyaandika maneno hayo bila kusema yanahusiana vipi na yale yanayofuata, na Kigiriki hakijamwambia. Wanasarufi huuita muundo huo jenitivu huru, na kila anayejifunza Kigiriki cha Agano Jipya hukutana nao mapema.

Ili kuuelewa, msomaji aanze na jambo analolijua. Kiswahili huonyesha umiliki kwa neno dogo linalosimama kati ya majina mawili: nyumba ya baba, kofia ya nahodha. Kigiriki hakina neno hilo. Hubadilisha mkia wa jina lenyewe. "Baba" ni *pater*, lakini "ya baba" au "wa baba" ni *patros*. Umbo hilo la umiliki ndilo jenitivu. Pia Kigiriki kina aina ya kitenzi kinachovaa mikia ya majina, kikafuata jinsia, idadi na umbo la jina kinalolieleza. Hapa kiitwe kitenzi-sifa, kwa kuwa kina tendo ndani yake kama kitenzi na hufuata jina kama kivumishi. Jenitivu huru hupatikana pale jina na kitenzi-sifa chake vinapovaa mkia wa umiliki pamoja, ingawa hakuna chochote kinachomilikiwa.

Sentensi fupi ya kutungwa darasani itaonyesha hali ilivyo: *tou patros katheudontos, ho pais exelthen*. Nusu ya pili ni nyepesi: "mtoto alitoka". Nusu ya kwanza, ikifuatwa neno kwa neno, ni "wa baba anayelala", na haina pa kushika. Maana yake ni kwamba baba alikuwa amelala mtoto alipotoka. Lakini uhusiano wa usingizi wa baba na kutoka kwa mtoto ni upi? Mtu anaweza kusoma: "Baba alipokuwa amelala, mtoto alitoka." Mwingine atasoma: "Kwa kuwa baba alikuwa amelala, mtoto alitoka," yaani alipata nafasi. Wa tatu atasoma: "Ingawa baba alikuwa amelala, mtoto alitoka," pengine kwa sababu alitakiwa amsubiri aamke. Kigiriki kinaruhusu zote tatu. Anayeamua ni hadithi inayozunguka sentensi hiyo.

Neno "huru" limetoka kwa wanasarufi wa Kilatini. Waliona kishazi hiki kimefunguliwa, hakijafungwa kwenye neno lolote la kishazi kikuu. Mtenda wa kishazi huru kwa kawaida si mtenda wa kishazi kikuu: baba ndiye anayelala, mtoto ndiye anayetoka. Waandishi wa kale wa Athene waliitunza kanuni hiyo kwa uangalifu. Waandishi wa Agano Jipya, waliotumia Kigiriki cha watu wa kawaida wa karne ya kwanza, waliilegeza mara nyingi, na hilo litarudi mbele.

Sentensi ya upepo wa kusini inafundisha zaidi ikiangaliwa nzima. Baada ya upepo, Luka anatumia vitenzi-sifa vingine viwili, *doxantes* na *arantes*, "wakidhani" na "wakiinua", yaani kuinua nanga. Hivi havikuvaa mkia wa umiliki. Vimevaa mkia wa mtenda, kwa sababu waliodhani na walioinua ndio haohao walioambaa na pwani. Kwa hiyo msomaji wa Kigiriki, kwa kuangalia mikia tu, anajua kwamba upepo ni jambo la pembeni lenye mtenda wake, na kwamba kudhani, kuinua na kuambaa ni mlolongo mmoja wa watu walewale.

Kiswahili kina njia yake nzuri ya kuonyesha tofauti hiyohiyo. Jambo la pembeni lenye mtenda wake hukaa vizuri katika kishazi tegemezi cha "-po-". Mlolongo wa matendo ya mtu mmoja hutembea kwa "-ka-". Sentensi inaweza kutoka hivi: "Upepo mwanana ulipovuma kutoka kusini, walidhani wamekwisha kupata walichokusudia, wakang'oa nanga, wakaambaa na pwani ya Krete." Mtafsiri akiandika badala yake "Ulipovuma upepo, walipodhani wamefanikiwa, walipong'oa nanga, waliambaa", amevisawazisha vishazi ambavyo Kigiriki kimevitofautisha, na masikio ya Mswahili yatachoka kabla meli haijaondoka. (Mtu wa pwani atashawishika kuandika "kusi" kwa upepo ule. Ni afadhali asifanye hivyo, kwa sababu kusi kwake ni msimu mzima wa miezi mingi, na upepo ule wa Krete ulikuwa pumzi ya muda mfupi tu.)

Kabla ya kutafsiri, ni lazima mtu awe na uhakika kwamba alichokiona ni jenitivu huru kweli. Wanafunzi hunaswa hasa na vitenzi vya kusikia. Katika Kigiriki, anayesikiwa huwekwa mara nyingi katika jenitivu. *Ekousa tou patros legontos* ni "nilimsikia baba akisema". Jina lipo katika jenitivu, kitenzi-sifa kipo katika jenitivu, lakini kishazi si huru, maana kimefungwa kwenye "nilisikia". Mwanafunzi anayekimbilia "-po-" atatoa "baba aliposema, nilisikia", na maana imehama: baba si tena anayesikiwa. Njia ya kupima ni kukifunika kishazi kwa kidole na kusoma kilichobaki. Kilichobaki kikisimama chenyewe, kitenzi chake kikiwa na kila kinachohitaji, inaelekea kishazi ni huru. Kikibaki kinadai kitu, kama vile "nilimsikia nani?", si huru.

Baada ya hapo swali la kwanza ni la wakati, na hapo Kigiriki hakijamwacha mtafsiri mikono mitupu. Kitenzi-sifa huja katika maumbo yanayoonyesha kama tendo lilikuwa likiendelea au lilitazamwa kama limekamilika. Umbo la kuendelea kwa kawaida huenda sambamba na kitenzi kikuu. Umbo la kukamilika, katika hadithi, mara nyingi hutangulia kitenzi kikuu. Si kanuni ya chuma, lakini ni mwongozo mzuri wa kuanzia.

Mfano wenye faida kubwa uko katika Injili ya Marko, sura ya 5, mstari wa 18. Yesu amemponya mtu aliyekuwa na pepo katika nchi iliyo ng'ambo ya ziwa la Galilaya. Wenyeji, wakiogopa baada ya kundi la nguruwe kuzama, wamemwomba aondoke. Anarudi kwenye chombo, na yule aliyeponywa anamsihi afuatane naye. Hati za kale zina *embainontos autou*, umbo la kuendelea: Yesu yuko katika tendo la kupanda. Hati nyingi za baadaye zina *embantos autou*, umbo la kukamilika: Yesu amekwisha kupanda. Tofauti ni ya herufi chache, lakini inabadilisha picha nzima. Kwa maandishi ya kwanza Kiswahili kitasema: "Yesu alipokuwa akipanda mashuani, yule mtu alikuwa akimsihi." Mtu yuko karibu naye kabisa, ukingoni mwa maji, anamzuia mguu mmoja ukiwa bado nchi kavu. Kwa maandishi ya pili itakuwa: "Yesu alipokwisha kupanda mashuani, yule mtu alikuwa akimsihi." Sasa mmoja yumo chomboni na mwingine amebaki nje. Mtafsiri anayeandika tu "alipopanda" hajakosea, ila amefuta jambo ambalo Kigiriki kimelisema waziwazi.

Kiswahili kina hazina yake kwa hali hizi, na inasikitisha kuiona haitumiki. Kuna "alipokuwa akipanda" kwa tendo linaloendelea na "alipokwisha kupanda" kwa lililokamilika. Kuna "akiwa amepanda" kwa hali iliyotokana na tendo. Kuna pia "angali akipanda". Hili la mwisho linafaa sana pale Kigiriki kinapoongeza neno *eti*, "bado", mbele ya kishazi huru. Katika sura hiyohiyo ya Marko, mstari wa 35, wajumbe wanafika na habari ya msiba wa binti wa Yairo huku Yesu angali anazungumza na mwanamke aliyeponywa. Kigiriki ni *eti autou lalountos*. "Yesu angali akisema na yule mwanamke, wakaja watu kutoka nyumbani kwa mkuu wa sinagogi." Maneno ya faraja hayajakwisha kinywani, na habari ya kifo imeingia. "Alipokuwa akisema" ingetoa wakati peke yake, na mkatizo usingesikika.

Msomaji makini ameona kwamba katika mifano yote miwili jina la Yesu limetajwa, ilhali Kigiriki kina kiwakilishi tu, *autou*. Sababu ni kiambishi "a-" cha Kiswahili. Kigiriki kinaweza kusema "yeye akipanda, alimsihi mtu aliyeponywa" na hakuna atakayechanganya, kwa kuwa mkia wa jenitivu umekwisha kutangaza kwamba anayepanda si yule anayesihi. Katika Kiswahili, "Alipokuwa akipanda mashuani, yule mtu alimsihi" humfanya msikilizaji adhani kwamba aliyekuwa akipanda ni yule mtu mwenyewe. Sarufi yetu huchukulia kwamba "a-" mbili zinazofuatana ni za mtu mmoja, isipokuwa kitu kiseme vinginevyo. Kitu chepesi kuliko vyote cha kusema vinginevyo ni jina. Kwa hiyo kutaja jina hapa hakuongezi chochote kwenye maandiko. Kunarudisha habari ambayo mkia wa Kigiriki uliibeba na ambayo ingepotea njiani.

Kulegea kwa kanuni kunaonekana katika sura hiyohiyo, mstari wa 2. Marko anaanza na Yesu kutoka chomboni, kwa jenitivu huru, *exelthontos autou*. Kisha kishazi kikuu kinasema kwamba mtu alikutana "naye", na huyo "naye" ni Yesu yuleyule. Kwa kanuni ya Waathene hapaswi kuwa katika kishazi huru na kishazi kikuu kwa pamoja. Waandishi walionakili hati baadaye waliliona hilo, na katika nakala nyingi wamebadilisha mikia ya maneno hayo ili "aliyetoka" afungwe sawasawa na "naye". Kwa mtafsiri wa Kiswahili, ukarabati wao hauna uzito. "Yesu aliposhuka chomboni, mara alikutana naye mtu" ni sahihi kwa maandishi yote mawili. Ila mwanafunzi ajue, asije akakataa kuiita jenitivu huru kwa sababu tu mtu mmoja ametajwa pande zote mbili.

Kazi kubwa inaanza pale ambapo swali si "lini" bali "kwa nini". Turudi melini. Mstari wa 12 wa Matendo 27 unasema kwamba bandari ile haikufaa kwa kukaa majira ya baridi, na wengi wakashauri waondoke. Sehemu ya bandari ni jenitivu huru, *aneuthetou tou limenos hyparchontos*, "bandari ikiwa isiyofaa". Mazoea ya "-po-" yangetoa "Bandari ilipokuwa haifai". Msikilizaji wa Kiswahili atauliza mara moja: kwani kuna wakati ilifaa? "-po-" huchagua kipindi katika wakati, na hivyo hudokeza kwamba kabla au baada yake mambo yalikuwa tofauti. Lakini kutofaa kwa bandari hii hakukuanza siku ile. Imekaa wazi kwa pepo, ndivyo ilivyo. Hali ya kudumu namna hiyo haiwezi kuwa saa ya jambo fulani, inaweza kuwa sababu yake tu: "Kwa kuwa bandari ile haikufaa kukaliwa wakati wa baridi, wengi walishauri waondoke."

Hicho ndicho kipimo kinachofaa kuliko vingine. Mtafsiri akiuliza kishazi "lini?", na jibu likasikika la ajabu, auulize "kwa nini?" Upepo wa mstari wa 7, ambao haukuwaruhusu kusonga mbele kutoka Knido, ni wa aina hii pia. Meli iligeuka kupita chini ya Krete kwa sababu upepo uliikatalia. "Kwa vile upepo haukuturuhusu" inabeba mzigo huo sawasawa.

Mstari wa 9 unachanganya mambo hayo mawili, na pengine ndio mzuri kuliko yote katika sura nzima kwa mazoezi. Una vishazi huru viwili vilivyounganishwa kwa "na". Cha kwanza kinasema muda mwingi umepita, kwa umbo la kukamilika, *diagenomenou*. Cha pili kinasema safari ya bahari imekuwa ya hatari, kwa umbo la kuendelea, *ontos*. Luka mwenyewe anaongeza sababu ya hatari: mfungo umekwisha kupita. Mfungo huo ni Siku ya Upatanisho ya Wayahudi, ambayo huangukia Septemba au Oktoba. Vegetio, mwandishi wa Kirumi wa mambo ya vita, aliandika kwamba safari za bahari ni salama hadi katikati ya Septemba, kisha zinakuwa za mashaka, na kuanzia tarehe 11 Novemba bahari hufungwa. Meli ya Paulo ilikuwa ndani ya kipindi cha mashaka.

Kwa Kigiriki vishazi viwili vimevaa nguo moja, lakini kazi zao si moja. Kupita kwa muda kunatuweka mahali katika kalenda. Hatari ndiyo inayomfanya Paulo aseme. Mtafsiri akiandika "Muda mwingi ulipopita na safari ilipokuwa ya hatari, Paulo aliwaonya", hatari imegeuka kuwa tarehe. Afadhali vishazi vitenganishwe: "Muda mwingi ulikuwa umekwisha kupita. Na kwa kuwa safari ya baharini sasa ilikuwa ya hatari, maana hata siku ya mfungo ilikuwa nyuma yao, Paulo aliwaonya." Sentensi moja imekuwa mbili, na kiunganishi ambacho hakimo katika Kigiriki kimeingia. Wapo watakaosema kwamba huko ni kuongeza. Lakini Mgiriki aliyesikia sentensi ile hakubaki akijiuliza kwa nini Paulo alionya. Uhusiano aliusikia bila kuambiwa, na msikilizaji wa Kiswahili naye anastahili kuusikia.

Kukanusha kuna mtego wake wenyewe. Mstari wa 20 unasimulia kwamba kwa siku nyingi jua na nyota havikuonekana, dhoruba ikiwa imewaelemea, na matumaini yote yakawa yanawatoka. Jua na nyota vimo ndani ya jenitivu huru yenye kanusho. Mtu anayetafuta umbo la Kiswahili linalofanana atafika kwenye "-sipo-", kwa kuwa "-ki-" ikikanushwa huwa "-sipo-". Akiandika "Jua wala nyota zisipoonekana", ameandika sharti. Msikilizaji anangoja aambiwe yatakayotokea iwapo jua halitaonekana, kama ilivyo katika "mvua isiponyesha, mahindi yatakauka". Tukio lililokwisha kutokea limegeuka kuwa jambo la "ikiwa".

Njia iliyo wazi ni kuacha utegemezi na kusema moja kwa moja: "Kwa siku nyingi jua wala nyota hazikuonekana, na dhoruba kali ilikuwa imetuelemea, hata tumaini lote la kuokoka likawa linatutoka." Neno "hata" hapa linafanya kazi ambayo "kwa kuwa" ingeifanya kwa ukavu. Linaonyesha kwamba hali ilizidi hadi ikaleta matokeo. Anayependa kubaki na kishazi tegemezi anaweza kutumia "bila": "Siku nyingi zilipita bila jua wala nyota kuonekana." Na katika hali zote mbili maana haikamiliki mpaka msomaji akumbuke kwamba mabaharia wa karne ya kwanza hawakuwa na dira. Jua na nyota ndivyo vilivyowaonyesha njia. Kutoviona kulimaanisha kwamba hawakujua upepo unawapeleka wapi.

Mara chache kishazi huru kinakuwa na maana ya "ingawa", na anayeshindwa kuitambua hutoa sentensi isiyo na akili. Mwishoni mwa Injili ya Yohana, sura ya 21, wanafunzi wanavuta wavu wenye samaki wakubwa 153. Kigiriki kinasema *tosouton onton*, "wakiwa wengi hivyo", wavu haukupasuka. "Kwa kuwa samaki walikuwa wengi, wavu haukupasuka" ni kichekesho kwa mvuvi yeyote. "Walipokuwa wengi" haiko mbali na kichekesho hicho. Wingi wa samaki ndio uliotazamiwa kuupasua wavu, kwa hiyo lazima iwe "ingawa samaki walikuwa wengi kiasi hicho, wavu haukupasuka".

Hata hivyo, si kila mahali mtafsiri analazimika kuamua. Sura moja kabla ya hiyo, Yesu anakuja kati ya wanafunzi wake, na milango, *ton thyron kekleismenon*, imefungwa. Je, ni "ingawa milango ilikuwa imefungwa" au ni maelezo tu ya hali ya chumba? Yohana hakusema. Hapa Kiswahili kina bahati ambayo lugha nyingi zinaikosa: "milango ikiwa imefungwa". Hiyo "-ki-" iko wazi karibu kama Kigiriki chenyewe. Anayetaka kuona muujiza atauona, na anayeona hali ya chumba pia hajazuiwa. Maoni ya makala haya ni kwamba pale ambapo hadithi yenyewe haimlazimishi mtafsiri, aitumie "-ki-" na asiandike "ingawa" kwa niaba ya mwandishi.

Kuna pia mahali ambapo utii kwa kishazi tegemezi huidhuru hadithi. Mstari wa 30 wa safari ya Paulo, usiku wa kumi na nne, mabaharia wanataka kuitoroka meli. Luka anaweka mambo mawili ndani ya jenitivu huru moja. Wanatafuta kutoroka, *zetounton*, umbo la kuendelea. Na mashua ndogo wameishusha, *chalasanton*, umbo la kukamilika, kwa kisingizio cha kwenda kutia nanga za omo. Kishazi kikuu hakifiki mpaka mstari wa 31, Paulo anapomwambia akida na askari kwamba hao wakiondoka hakuna atakayepona. Anayeng'ang'ania "-po-" atatoa "Mabaharia walipotafuta kutoroka na waliposhusha mashua kwa kisingizio cha kutia nanga za omo, Paulo alimwambia akida". Sentensi hiyo ni ndefu mno, na hatari imezama ndani yake.

Ikisemwa kwa vishazi huru vya Kiswahili, yote yanaonekana: "Basi mabaharia walikuwa wakitafuta njia ya kuitoroka meli, na mashua wameshaishusha majini, wakijifanya wanakwenda kutia nanga za omo. Paulo akamwambia akida na askari." "Walikuwa wakitafuta" inalinda umbo la kuendelea, "wameshaishusha" inalinda umbo la kukamilika, na "akamwambia" inaingia kama tukio jipya la mtu mwingine. Sasa inaeleweka kwa nini askari, mara baada ya hapo, walikata kamba za mashua na kuiacha ianguke: ilikuwa tayari imeshushwa, na bila kamba kukatwa mabaharia wangekwenda zao.

Kwa hiyo mwalimu wa Kigiriki katika chuo cha theolojia, au mtu anayeshiriki kazi ya kutafsiri, asianze kwa kumpa mwanafunzi orodha ya viambishi. Ampe Matendo 27 nzima, amwambie apigie mstari kila jenitivu huru, na kando ya kila mmoja aandike kama umbo ni la kuendelea au la kukamilika, mtenda wake ni nani, na jibu lake ni la "lini", "kwa nini" au "ingawa". Kisha asome tafsiri yake kwa sauti mbele ya mtu asiyejua Kigiriki, na kila atakaposikia "-lipo-" ya tatu katika aya moja arudi kuiangalia upya.